Brifu ya dizaina: maana yake na kinachopaswa kuwamo

Brifu ni maelezo mafupi ya maandishi ambayo mwenye biashara humpa mbunifu wa michoro, yaani dizaina, kabla hajaanza kutengeneza tangazo. Hueleza kinachouzwa, bei na masharti yake, maneno yatakayoandikwa, rangi zitakazotumika na mahali tangazo litakapowekwa. Wengi hudhani kwamba brifu ni kumweleza dizaina jinsi tangazo linavyotakiwa kupendeza, kwa hiyo humpigia simu na kumwambia aweke kitu kikali, chenye mvuto na cha kisasa. Maneno hayo hayamsaidii, kwa sababu kupendeza ni kazi yake tayari, wakati anachokosa ni habari za biashara, ambazo hawezi kuzibuni bila kukosea.

Jambo hili ni zito zaidi kwa dizaina anayejitegemea. Yule aliyeajiriwa dukani huziona bidhaa kila siku na husikia wateja wanavyouliza bei, lakini anayejitegemea huwa nyumbani kwake, kwa mfano mtaa wa Nkuhungu au Kisasa jijini Dodoma, ana kazi tano za watu watano, na hajawahi kukanyaga dukani kwako. Kila pengo unaloliacha atalijaza kwa alichonacho, iwe ni picha aliyoipakua mtandaoni, kiolezo alichokitumia kwa mteja mwingine au rangi inayofanana na yako kwa mbali. Hafanyi hivyo kwa uzembe, bali kwa sababu tangazo haliwezi kubaki na nafasi tupu.

Tuchukue mfano wa duka moja la mafuta ya alizeti karibu na Soko la Majengo, jijini Dodoma, ambalo niliwahi kulisaidia kuandika matangazo yake. Mwenye duka alitaka kutangaza ofa ya siku kumi na tano: mteja akinunua madumu mawili ya lita 5, kila moja Sh 34,000, anapelekewa nyumbani bila kulipa nauli. Alimpigia simu dizaina, akamweleza kwa dakika tatu, na jioni ile picha ikaja. Ilikuwa na dumu moja kubwa la lita 20 lililopakuliwa mtandaoni, tarakimu 34,000 zilizojaa nusu ya picha, maneno “Tunakuletea bure Dodoma” na, kwa kuwa dizaina alisikia neno Dodoma, ambako zabibu hulimwa sana, kishada cha zabibu pembeni. Kapsheni, yaani maelezo yanayoandikwa chini ya picha, aliiandika mwenye duka mwenyewe, naye alieleza ofa kwa usahihi kabisa.

Kwa hiyo maneno yalikuwa sahihi na picha ilikuwa nzuri, ila vilikuwa vinatangaza biashara mbili tofauti. Watu walipiga simu kuulizia dumu la lita 20 kwa Sh 34,000. Mteja mmoja alikuwa Mpwapwa akitaka apelekewe bure, naye hakukosea, kwa sababu Mpwapwa imo mkoani Dodoma na tangazo halikusema kama ni jiji au mkoa. Mwingine aliuliza kama hayo mafuta ni ya mbegu za zabibu.

Chanzo cha kuachana huko ni kwamba picha na kapsheni viliandaliwa na watu wawili waliosikia habari moja kwa nyakati tofauti. Dawa yake ni kuandika kwanza sentensi moja ya ofa, iliyokamilika pamoja na mipaka yake, kisha picha na kapsheni vyote vitoke humo. Kwa duka letu sentensi hiyo ilipaswa kuwa: “Ukinunua madumu mawili ya lita 5 ya mafuta ya alizeti kwa Sh 68,000, tunakuletea bure ndani ya Jiji la Dodoma, kuanzia tarehe 1 hadi 15 Agosti 2025.” Angalia kwamba bei imekuwa 68,000 badala ya 34,000. Ukionyesha madumu mawili na kuandika bei ya dumu moja, mtazamaji ataelewa kwamba bei hiyo ni ya yote mawili, hata kama kapsheni imefafanua, kwa kuwa jicho huunganisha tarakimu na kitu kilicho karibu nayo.

Kapsheni nayo iandikwe kabla ya picha, na dizaina apewe ikiwa imekamilika. Watu wengi hufanya kinyume: wanasubiri picha, ndipo wanatafuta maneno ya kuweka chini yake, na hapo tayari picha imeshaahidi jambo. Dizaina akiiona kapsheni mapema, anajua ni yapi yatasemwa kwa maandishi na hivyo hana haja ya kuyarundika kwenye picha.

Mgawanyo wenyewe wa nini kikae wapi unategemea jambo moja ambalo wenye maduka husahau, nalo ni kwamba picha husafiri peke yake. Mtu akiipenda huihifadhi, huituma kwenye kundi la WhatsApp la mtaa au huiweka kwenye stetasi yake, na kapsheni inabaki nyuma. Kwa hiyo kila sharti ambalo likikosekana linaweza kuleta ugomvi na mteja lazima liwe juu ya picha yenyewe. Kwa ofa yetu masharti hayo ni idadi ya madumu, ujazo, bei, eneo na tarehe ya mwisho pamoja na mwaka, maana picha isiyo na mwaka itaibuka tena Agosti inayofuata. Namba ya simu nayo ikae pale. Yaliyobaki, kama vile alizeti imekamuliwa wapi, saa za kufungua duka na njia za malipo, yanatosha kwenye kapsheni.

Rangi ndiyo sehemu inayoonekana rahisi na ndiyo inayoharibika kimyakimya. Mwenye duka alimwambia dizaina kuwa rangi zake ni njano na kijani, akamtumia picha ya kibao cha duka aliyoipiga kwa simu saa saba mchana. Kibao hicho kilikuwa kimepigwa jua la Dodoma kwa miaka kadhaa, njano yake ikawa imepauka, na kamera ikaongeza upaukaji wake. Dizaina aliinakili rangi ya kibao kilichochakaa kwa uaminifu mkubwa. Katika brifu rangi hutajwa kwa kodi yake, yaani msimbo wake wa kompyuta, ambayo huanza na alama ya reli na kufuatiwa na tarakimu au herufi sita, kwa mfano #F2B705 kwa njano na #14532D kwa kijani kilichoiva. Kodi hiyo ichukuliwe kwenye faili la awali la nembo, si kwenye picha ya kibao. Nembo yenyewe itumwe kama faili la PDF au PNG lisilo na mandharinyuma, na kama inapitia WhatsApp itumwe kama hati, kwa sababu ikitumwa kama picha ya kawaida hubanwa na kupoteza ubora, na mandharinyuma yake yaliyokuwa wazi huzibwa.

Hata hivyo kodi pekee haitoshi, kwani ni lazima kueleza pia kila rangi inafanya kazi gani. Madumu ya mafuta mengi ni ya njano, na ukiyaweka juu ya mandharinyuma ya njano yatazama yasionekane. Maandishi meupe juu ya njano ile nayo hayasomeki juani: tofauti ya mwangaza kati ya nyeupe na #F2B705 ni kama 1.8 kwa 1, ilhali kiwango kinachokubalika kimataifa kwa maandishi ya kawaida ni angalau 4.5 kwa 1. Kijani chetu juu ya njano hufikia kama 5, na nyeupe juu ya kijani hufikia kama 9. Hivyo brifu ingesema: mandharinyuma ya kijani, maandishi meupe, na njano ibaki kwa madumu yenyewe na kwa kisanduku cha bei, ambacho tarakimu zake ziwe za kijani. Kwa kazi ya kuchapishwa kwenye karatasi mtajie dizaina mapema, kwa sababu wino wa mashine hautoi rangi ileile inayong'aa kwenye kioo cha simu.

Vipimo navyo vitajwe kwa mahali tangazo litakapoonekana. Picha ya Instagram inaweza kuwa pikseli 1080 kwa 1350, na ya stetasi pikseli 1080 kwa 1920. Usiombe moja ukaikata mwenyewe kwa simu, kwa kuwa kinachokatwa ni kingo, na mara nyingi tarehe ya mwisho imeandikwa hapohapo.

Ujumbe wa brifu, basi, ungeweza kuwa hivi:

“Habari za kazi, kaka. Naomba tangazo moja kwa saizi mbili, 1080 kwa 1350 na 1080 kwa 1920. Ofa ni hii: ukinunua madumu mawili ya lita 5 ya mafuta ya alizeti kwa Sh 68,000, tunakuletea bure ndani ya Jiji la Dodoma, tarehe 1 hadi 15 Agosti 2025. Maneno ya juu ya picha ni hayo na namba ya simu tu, kapsheni kamili nimeiambatanisha. Tumia picha za madumu yetu nilizokutumia, yaonekane mawili, na usiweke matunda wala dumu la saizi nyingine. Mandharinyuma #14532D, maandishi meupe, kisanduku cha bei #F2B705. Mpangilio nakuachia wewe. Nahitaji rasimu ya kwanza Jumatano, na marekebisho yawe mara mbili.”

Sentensi ya kuachia mpangilio ina uzito wake. Brifu inayoelekeza hadi dumu likae sentimita ngapi kutoka ukingoni humgeuza dizaina kuwa mkono wa kubofya, na hapo unalipia ujuzi ambao umeukataa. Idadi ya marekebisho nayo huwalinda wote wawili, mradi ifahamike kwamba kurekebisha ni kusogeza picha ilingane na brifu. Ukibadilisha ofa yenyewe baada ya rasimu, kwa mfano kutoka madumu mawili hadi matatu, hiyo ni kazi mpya na dizaina ana haki ya kuidai malipo yake.

Rasimu ikija, usianze kwa kuangalia kama inavutia. Mwonyeshe mtu asiyejua ofa hiyo, bila kapsheni, kwa muda wa kuhesabu hadi tano, kisha uifiche na umuulize nini kinauzwa, kwa shilingi ngapi, kwa watu wa wapi na hadi lini. Majibu yake yalinganishe na ile sentensi moja ya ofa. Kwenye duka la Majengo tulifanya hivyo kwa rasimu ya pili, tukimtumia kijana wa bodaboda aliyekuwa akisubiri mzigo nje. Alitaja mafuta, madumu mawili, elfu sitini na nane na jiji, lakini tarehe hakuiona, kwa kuwa ilikuwa imeandikwa kwa herufi ndogo za njano juu ya dumu la njano. Dizaina aliihamishia kwenye kijani, na picha ikatoka siku ileile.