Hewa ya wodi ya wagonjwa wa kifua: maswali na majibu

Wodi yetu ina kiyoyozi. Kwa nini wauguzi wanatulazimisha kufungua madirisha?

Kiyoyozi cha ukutani hakiingizi hewa kutoka nje. Kinavuta hewa ileile iliyomo wodini, kinaipoza, kisha kinairudisha kwa wale wale walioivuta. Mgonjwa wa kifua kikuu anapokohoa hutoa chembe ndogo mno zinazoelea hewani kwa saa kadhaa, na wavu ulio ndani ya kiyoyozi hunasa vumbi na nyuzi za nguo tu, huku chembe hizo zikipita. Naelewa joto la Dar es Salaam mwezi wa Februari, na sipuuzi jasho la mgonjwa mwenye homa. Hata hivyo, kila ninapopita wodini nakuta madirisha yamefungwa ili baridi isipotee, na mgonjwa mwenye kikohozi ambaye makohozi yake hayajapimwa amelazwa kitanda cha jirani na mwenye kisukari. Naomba hili lieleweke: ubaridi si usafi wa hewa. Mgonjwa mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi apimwe mapema, na wakati anasubiri majibu atengwe.

Mabadiliko ya hewa kwa saa ni nini, na yanatakiwa mangapi?

Ni kiasi cha hewa kinachoingizwa au kutolewa chumbani kwa saa moja, kikigawanywa kwa ujazo wa chumba. Chumba kipya cha kumtenga mgonjwa wa ugonjwa unaoenea kwa hewa husanifiwa kwa mabadiliko 12. Tuchukue chumba chenye urefu wa mita 4, upana wa mita 3 na kimo cha mita 3: ujazo wake ni mita za ujazo 36, kwa hiyo feni lazima itoe mita za ujazo 432 kwa saa, yaani lita 120 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo, mgonjwa akishaondoka, asilimia 99 ya chembe huondolewa kwa takriban dakika 23. Mabadiliko yakiwa 2 tu, kazi hiyo huchukua zaidi ya saa mbili, na mhudumu anayeingia kutandika kitanda baada ya nusu saa anavuta hewa ya mgonjwa aliyekwisha kuondoka. Kiasi hicho kipimwe kwenye tundu la kutolea hewa, kwa sababu namba iliyoandikwa kwenye feni haijui urefu wa bomba wala vumbi lililoganda ndani yake.

Mbona chumba cha kutengwa mnataka mlango na madirisha vifungwe, ilhali wodini mnataka yawe wazi?

Kwa sababu ni mifumo miwili tofauti. Wodi ya kawaida hutegemea upepo unaoingia upande mmoja na kutokea upande wa pili. Chumba cha kutengwa hutegemea feni, na feni hiyo hutoa hewa nyingi kuliko inayoingizwa. Katika mfano wetu, tukiingiza mita za ujazo 350 na kutoa 432, zile 82 zinazopungua huvutwa kutoka koridoni kupitia uwazi wa chini ya mlango. Hivyo mgandamizo wa hewa chumbani huwa chini kuliko wa koridoni, angalau kwa paskali 2.5, na hewa ya mgonjwa haitoki nje. Mlango ukizuiwa kwa kiti ili ndugu wamwone mgonjwa, tofauti hiyo hupotea mara moja.

Kila siku, mlango ukiwa umefungwa, shikeni kipande cha karatasi laini karibu na uwazi wa chini ya mlango, upande wa koridoni. Kikivutwa kuelekea ndani, mfumo unafanya kazi. Kikitulia au kikisukumwa nje, fundi aitwe siku hiyohiyo, na mgonjwa ahamishwe chumba kingine cha kutengwa au kwenye nafasi yenye upepo wa kutosha, mbali na wengine.

Je, hewa inayotolewa ni lazima ipite kwenye kichujio cha HEPA?

Si kila mara. Ikitolewa juu ya paa, mbali na madirisha na matundu ya kuingizia hewa, huchanganyika na hewa ya nje na hatari hupungua sana. Ikiwa bomba linaishia karibu na dirisha la wodi nyingine, au hewa inarudishwa ndani, hapo kichujio ni lazima, kwa kuwa hunasa asilimia 99.97 ya chembe za mikroni 0.3. Lakini kichujio hukaza njia ya hewa. Kinapojaa, feni isiyo na nguvu ya ziada hutoa hewa kidogo zaidi, na ule mvuto wa mlangoni hufifia ingawa feni bado inanguruma.

Usiku kuna mbu na mvua. Tufunge tu?

Hapana. Chandarua kifungwe kitandani, na madirisha ya upande usiopigwa na mvua pamoja na matundu ya juu ya ukuta yabaki wazi. Nyavu za madirisha zisafishwe, kwani zikiziba huzuia upepo. Usiku usio na upepo kabisa wodi huhitaji feni ya kutoa hewa nje. Kuwasha kiyoyozi na kufunga kila kitu hakuchukui nafasi ya feni hiyo.