Makamasi ya kijani si kipimo cha sainasi

Kuna ujumbe unaosambazwa usemao: "Ukiona makamasi mazito ya kijani na uso unauma, hiyo ni sainasi. Nunua amoksilini haraka."

Rangi haisemi hivyo. Ukijani hutoka kwenye chembe nyeupe za damu zinazopambana na maambukizi, na mafua ya kawaida ya virusi huuleta pia, pamoja na uso kuwa mzito. Ndiyo maana wengi huchanganya, hasa Dodoma msimu wa upepo na vumbi, pua zikiwa zimekauka.

Hesabu siku. Mafua yaliyoanza Jumatatu yakawa ya kijani Alhamisi, kisha wiki ya pili yakapungua, hayahitaji antibayotiki. Yakipita siku 10 bila nafuu, au yakipoa kisha yakarudi kwa nguvu, nenda kituo cha afya. Jicho likivimba au homa ikiwa kali, usisubiri.

Kusafisha pua kwa maji ya chumvi hupunguza kuziba. Chemsha maji dakika moja, yaache yawe vuguvugu, kisha tia nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye kikombe cha mililita 250. Maji ya bomba au kisima yasiyochemshwa yasiingie puani.

Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze.