Je, wajua? Umeme wa joto linalotupwa, na sababu ya kuacha maji

"Injini ya jenereta kiwandani Kisumu inatoa maji ya moto mchana kutwa na yanapozwa bure tu. Kwa nini hayatumiki kuchemsha maji mengine yazungushe turbini? Ni kwa sababu hayafiki digrii 100?"

Digrii 100 hazihusiki. Maji huchemka katika joto lolote mradi kanieneo iliyo juu yake ishuke vya kutosha, ndiyo maana sufuria ya Nakuru, mji ulio karibu mita 1,850 juu ya bahari, huchemka katika digrii 94 hivi. Ukiyafungia maji ndani ya chombo na kuondoa hewa hadi kanieneo ifike kilopaskali 39, yatachemka katika digrii 75, na mvuke wake utazungusha turbini bila ubishi. La kushangaza ni kwamba karatasini maji hayashindwi hata kidogo. Kati ya digrii 75 na digrii 40, mashine kamilifu ya maji ingegeuza takriban asilimia 10 ya joto kuwa kazi, na ya pentani, kiowevu cha kikaboni cha jamii ya petroli kinachoweza kushika nafasi ya maji, ingetoa karibu kiasi hicho hicho. Tofauti huanza pale mashine inapoundwa kwa chuma.

Tuseme maji ya injini yanapita kilo 5 kila sekunde, yakiingia na digrii 90 na kutoka na 75 au karibu na hapo, kwa hiyo yanaacha takriban kilowati 314 za joto. Kwa urahisi wa hesabu, kiowevu chetu kichemke katika digrii 75 na kigandamane kuwa kimiminika tena katika digrii 40. Kwa kweli kingechemka chini kidogo, kwa kuwa joto halivuki ukuta wa bomba bila tofauti ya digrii. Mvuke wa maji katika digrii 40 una kanieneo ya kilopaskali 7 tu, na kilo moja yake hujaza mita za ujazo 19 na nusu. Pentani katika joto hilo ina kilopaskali 116, na kilo moja yake haifiki theluthi ya mita ya ujazo. Ni kweli kwamba pentani hubeba joto kidogo kwa kila kilo, hivyo inabidi izungushwe mara sita au saba zaidi kwa uzito. Hata hivyo, mvuke wa maji unaotoka kwenye turbini ungefikia mita za ujazo 2.3 kwa sekunde, na wa pentani robo ya mita. Kwa mwendo wa mita 30 kwa sekunde, wa kwanza unahitaji bomba la kipenyo cha sentimita 31 na wa pili sentimita 10, ilhali mitambo yote miwili inatoa kilowati 20 hivi kabla ya kuondoa umeme wa pampu na feni.

Kasoro ya pili ni unyevu. Mvuke wa maji ukipanuka kutoka digrii 75 hadi 40, karibu asilimia 7 yake hugeuka matone ndani ya turbini, na matone hayo hutafuna ncha za mapanga. Pentani hutoka kavu. Molekuli ya maji ina atomu 3, ya pentani ina 17, na kila kiungo kati ya atomu hizo huweza kutikisika na kuhifadhi nishati. Ni kama mfanyabiashara mwenye pesa katika mifuko mingi: ukimtoza kiasi fulani kila mfuko unapungua kidogo tu, lakini mwenye mfuko mmoja anabaki mtupu. Turbini inapochukua nishati yake, mvuke wa pentani hupoa polepole kuliko unavyoshuka kiwango chake cha kugandamana, kwa hiyo haupati nafasi ya kuwa matone.

Haya hayamaanishi kwamba maji ni dhaifu kila mahali. Viwanda vya sukari vya Muhoroni na Chemelil huchoma makapi ya miwa na kupata mvuke wa joto kali, na huko maji ndiyo yanayofaa. Kule Olkaria, kaunti ya Nakuru, mitambo ya kampuni ya Ormat hutumia kiowevu cha kikaboni, ingawa joto lake latoka ardhini.

Pentani nayo ina hila zake, mbali na kwamba inashika moto upesi. Kisumu, ambako hewa ina takriban kilopaskali 88, kanieneo ya pentani huwa chini ya hewa ya nje mara inapopoa chini ya digrii 32. Mtambo ukizimwa usiku, basi, hewa hupenya polepole kwenye viungio vilivyolegea. Asubuhi fundi husoma kipimajoto na kipima kanieneo cha kondensa, chombo ambamo mvuke hugeuka kimiminika, kwa pamoja: digrii 40 zikiambatana na kilopaskali 130 badala ya 116, hizo 14 za ziada ni hewa, na inabidi itolewe pamoja na pentani kidogo inayopotea nayo.