Keningi ni nini, na kwa nini KYELA ilisomeka "KYEL A"

Kuna mama anauza mchele pale Mwanjelwa aliniletea kazi ya bango, maneno matatu tu, MCHELE WA KYELA, herufi kubwa zote, nene, urefu wa herufi sentimita 35 ili mtu akiwa kwenye daladala asome. Nikaandika, nikaweka rangi, nikamuita aje aone kwenye skrini. Akaangalia kidogo akaniambia, "Mwanangu, hiyo A mbona umeiacha peke yake?" Nikamwambia mama hiyo ni fonti tu ndio ilivyo. Akasoma kwa sauti: "Kyel. A." Basi nikanyamaza maana kweli ilikuwa inasomeka hivyohivyo.

Sasa hilo ndio tatizo la keningi. Kwenye programu utalikuta limeandikwa `Kerning`, na maana yake ni kurekebisha nafasi kati ya herufi mbili zilizokaa jirani, hizo mbili tu, bila kugusa zingine. Usichanganye na `Tracking`, hiyo inaongeza au kupunguza nafasi ya herufi zote kwa pamoja. Watu wengi wakiona neno limekaa vibaya wanakimbilia trakingi, wanavuta, wanavuta, na gepu baya linabaki baya vilevile, ila sasa na wenzake wamevutwa.

Gepu linatokea hivi. Kila herufi ndani ya fonti ina kiupenyo kidogo kushoto na kulia, aliyeitengeneza ndiye aliyepima. H ikikaa na E ni mguu ulionyooka na mguu ulionyooka, hapo viupenyo hivyo vinatosha. Lakini A ina mabega yaliyolala, L juu kulia iko wazi kabisa, Y chini iko wazi, W chini pembeni iko wazi. Ukiziweka hizo jirani unabaki na shimo jeupe hata kama kipimo cha pembeni ni kilekile. Fonti nzuri inakuja na orodha ya jozi korofi na kiasi cha kuzisogeza, ila hizi za bure tunazodaunilodi nyingi hazina hiyo orodha au ina jozi chache, na yangu ilikuwa ya hivyo.

Kwenye maandishi madogo huoni. Kipimo cha keningi ni sehemu ya elfu ya ukubwa wa fonti, sasa kwenye barua ya pointi 12 ukikosea 50 ni kama milimita 0.2, nani ataona. Kwenye bango langu herufi ya sentimita 35 inatoka kwenye fonti yenye ukubwa wa kama sentimita 50, kwa hiyo 50 hiyohiyo ni sentimita 2 na nusu. Hata asiyejua chochote anaona, kama mama alivyoona.

Haya, turudi kwenye L na A. Silika inakwambia zisogeze, si ndio? Nikasogeza, na hapo ndio nikagonga ukuta, maana shimo liko juu lakini huko chini kitako cha L na mguu wa A vilikuwa tayari vimeachana sentimita moja na nusu tu. Ukibana zaidi vinagusana, na vikigusana ukiwa mbali unaona doa moja jeusi chini na shimo liko palepale juu. L na A haiponi kwa kubana peke yake. Dawa yake ni kulegeza wenzake. Yaani unatafuta gepu kubwa ambalo haliwezi kuzibwa, unalifanya ndio kipimo, halafu herufi zingine zote unazifungua zilisogelee.

Nilivyofanya mimi: kwanza trakingi ya neno zima nikaipandisha 40, kila herufi ikaachana na mwenzake sentimita 2 zaidi. Trakingi inaanza, keningi inafuata, ukianza kinyume utarudia kazi. Halafu nikaingia jozi moja moja. L na A nikapunguza 50, miguu ikabaki na nafasi ya sentimita moja hivi, hapo nikaacha. Y na E nikapunguza 40. K na Y nikapunguza 30 tu, kwa sababu mkono wa juu wa K na tawi la Y vinakaribiana haraka kuliko unavyodhani. W na A nikapunguza 120 bila huruma, hizo zinalala upande mmoja na zinaingiana vizuri hata miguu isipogusana. H na E sikugusa, E na L sikugusa. Kingine ambacho watu wanasahau ni nafasi kati ya maneno: baada ya ile A ya WA bega la A linaongeza weupe kwenye spesi, KYELA ikaonekana imekimbia, hapo nikapunguza 60.

Namba hizo usizikopi, fonti yako ina mambo yake, na ndio maana kazi hii inafanywa kwa jicho. Ukiwa Illustrator weka kasa katikati ya herufi mbili, shika `Alt` ubonyeze mshale wa kushoto au kulia, kila mbonyezo kwa kawaida ni 20. CorelDRAW bonyeza `F10`, kila herufi inatoa kidoti chini kushoto, unakikamata unakiburuta.

Jicho nalo linadanganywa, hasa ukishakaa na neno nusu saa. Mimi nafikiria namimina mchele kati ya herufi mbili, halafu najiuliza gepu hili linachukua mchele sawa na lile? Sipimi upana, napima ujazo. Halafu naziba neno kwa karatasi mbili nabakiza herufi tatu tu, Y-E-L, E-L-A, naangalia ya katikati kama imekaa katikati kweli au imeegemea upande. Na mwisho nageuza bango zima kichwa chini. Likigeuka ubongo unaacha kusoma, unaona maumbo meusi na meupe tu, na gepu baya linajitokeza lenyewe. Kukodoa nusu jicho nako kunasaidia. Ila usifanye haya ukiwa umezumu mpaka herufi mbili zinajaza skrini, ukizumu hivyo kila kitu kinaonekana kipana na utabana kupita kiasi, rudisha neno zima lionekane ndio uamue.

Na kwa bango la kusomwa barabarani, bora lilegee kidogo kuliko kubana, asubuhi ya ukungu pale Uyole herufi zilizobanana zinageuka kitu kimoja.

Ukimaliza hifadhi kopi moja yenye maandishi ya kawaida, halafu ile ya kupeleka kuprintiwa geuza herufi ziwe michoro, `Ctrl+Q` kwenye CorelDRAW au `Ctrl+Shift+O` kwenye Illustrator. Kompyuta ya kule ikiwa haina fonti yako italeta nyingine, na zile 50 na 120 zako zitakaa kwenye herufi zisizokuwa zake. Mama alirudi jioni, akasoma "Mchele wa Kyela" kwa mkupuo mmoja, akauliza bei.