Kwa nini jumla ya Excel inagoma kubadilika?

"Leo asubuhi nimebadilisha mchango wa mtu mmoja kutoka 10,000 kuwa 20,000, jumla ikabaki 110,000 ileile. Nikipiga kwa kikokotoo cha simu napata 160,000. Fomula nimeiangalia, haina kosa. Kwa nini?"

Anayeuliza ni mweka hazina wa kikundi cha watu 8, kila mmoja anatoa 20,000. Michango iko B2 hadi B9, na chini yake kuna fomula ya kawaida kabisa:

```
=SUM(B2:B9)
```

Fomula kweli haina kosa. Faili lake lina magonjwa mawili kwa wakati mmoja, na ndiyo maana limemchanganya. Nilimwambia abonyeze F9 kwanza, kabla ya kugusa kitu kingine. Jumla ikaruka kutoka 110,000 hadi 120,000. Ile 10,000 ya asubuhi ilikuwa imeandikwa vizuri, ila Excel ilikuwa haijaagizwa kupiga hesabu upya.

Hiyo ni hali ya kukokotoa kwa kuamriwa, ambayo kwenye skrini huitwa Manual. Watu wenye mafaili mazito huiweka makusudi ili kompyuta isigande kila wanapoandika namba. Shida ni kwamba hali hiyo huhifadhiwa pamoja na faili, na Excel huifuata ile ya faili la kwanza kufunguliwa. Ukianza siku kwa kufungua faili zito ulilotumiwa na mwenzako, kisha ukafungua daftari lako la michango, nalo linaingia kwenye Manual bila wewe kugusa chochote. Kesho ukianza na faili lako mwenyewe, unaweza usiione kasoro yoyote. Ndiyo maana wengi huishia kuilaumu kompyuta.

Dalili zake si ngumu kuzitambua. Kwenye ukanda wa chini kabisa wa dirisha hutokea neno Calculate. Ukiburuta fomula kwenda chini, kila mstari unaonyesha jibu la mstari wa kwanza. Na mara nyingi ukihifadhi faili, namba zinajirekebisha zenyewe, kwa sababu Excel kwa kawaida hupiga hesabu kabla ya kuhifadhi. Dawa ni kwenda Formulas, kisha Calculation Options, na kuchagua Automatic.

Hapo tumefika 120,000. Bado 40,000 imepotea, na F9 hata ukiibonyeza mara mia haiirudishi. Michango ya watu wawili haihesabiwi. Nilimwambia aandike hizi mbili kwenye seli tupu:

```
=COUNT(B2:B9)
=COUNTA(B2:B9)
```

Ya kwanza huhesabu seli zenye namba tu, ya pili huhesabu kila seli isiyo tupu. Akapata 6 na 8. Kwa hiyo seli mbili zina kitu kinachofanana na namba machoni mwetu, lakini kwa Excel ni maandishi, sawa na jina la mtu. SUM ikikuta maandishi ndani ya safu huyaruka kimyakimya. Hailalamiki, na hapo ndipo ninapoona ubaya wake.

B4 ilikuwa na pembetatu ndogo ya kijani kwenye kona, na namba yake imeegemea kushoto wakati zingine ziko kulia. Mtu alitanguliza alama ya ' mbele ya 20000. Hiyo ni rahisi: bofya alama ya tahadhari iliyo pembeni, chagua Convert to Number. Kubadilisha muundo wa seli kuwa Number peke yake hakutoshi. Maandishi yanabaki maandishi mpaka uingie ndani ya seli kwa F2, uifute ile alama ya ' na kubonyeza Enter.

B7 ilikuwa na ujanja zaidi. Haikuwa na pembetatu. Namba ilinakiliwa kutoka ukurasa wa taarifa za malipo, ikaja na nafasi isiyoonekana mwishoni, ile isiyokatika, ambayo hata TRIM haiiondoi. Hii ndiyo iliyoitoa:

```
=VALUE(SUBSTITUTE(B7,UNICHAR(160),""))
```

Jibu lake tulilinakili na kulibandika juu ya B7 kama thamani tupu, kwa Paste Special, Values. COUNT ikasoma 8, jumla ikasoma 160,000.

Kwenye shiti lake la mwezi uliopita tulikuta mtu ameandika 20000/= kama tunavyoandika kwenye risiti. Hiyo pia ni maandishi matupu, haina pembetatu, na VALUE ikiiona inarudisha #VALUE!. Tulifuta tu zile alama mbili kwa mkono.