Kabla ya kutamka "jimbo": kumtambulisha kiongozi wa dini mbele ya watu wa dini zote

Makongamano ya dini mbalimbali huku Nyanda za Juu Kusini huharibika mapema kuliko watu wanavyodhani. Mada ikiwa bado haijaguswa, mshereheshaji amekwisha kumpa mgeni cheo kisicho chake, au amemsifu kwa maneno yanayomfanya nusu ya ukumbi ajione yuko ibadani kwa jirani. Nitaanza na neno moja linalotuponza sana Mbeya, Iringa na Njombe: jimbo.

Kwa Wakatoliki, jimbo ni eneo zima la askofu. Kwa Walutheri wa KKKT, eneo la askofu ni dayosisi, na jimbo ni sehemu ndani ya dayosisi, chini ya mchungaji anayeitwa Mkuu wa Jimbo. Kwa Wamoravian, jimbo ni kubwa zaidi, lina sinodi yake, na kiongozi wake wa kiutendaji ni Mwenyekiti wa Jimbo. Ukisema tu "kiongozi wa jimbo", Mkatoliki anasikia askofu, Mlutheri anasikia mchungaji aliye chini ya askofu, na aliyekaa nyuma pengine anamfikiria mbunge. Kwa hiyo jimbo lisitamkwe peke yake hata siku moja. Taja cheo, eneo na kanisa kwa pamoja.

Kuna mtego ndani ya mtego. Kwa Wamoravian, askofu ni huduma ya kiroho, wala uaskofu peke yake haumpi mtu uongozi wa kiutendaji wa jimbo. Mshereheshaji aliyezoea Wakatoliki au Walutheri akimwona askofu na mwenyekiti wamekaa pamoja, hudhani mwenyekiti ni msaidizi. Hapo anawakosea wote wawili kwa sentensi moja. Halafu Mbeya yenyewe: kwa Wakatoliki ni Jimbo Kuu tangu mwaka 2018, kwa hiyo kiongozi wake ni Askofu Mkuu, ilhali Iringa ni jimbo na lina Askofu. Ukinakili ratiba ya zamani, utamshusha mtu cheo bila kujua.

Upande wa Waislamu, kosa la kawaida ni kumwita kila mwenye kanzu na kofia "Sheikh" au "Ustadhi" kwa kubahatisha. Ustadhi kwa kawaida ni mwalimu wa dini. Sheikh wa Wilaya ana ofisi, na Imamu anaongoza swala katika msikiti fulani. Kumwita Sheikh wa Wilaya "Ustadhi" ni sawa na kumwita mkuu wa shule "mwalimu wa zamu". "Alhaji" litamke pale tu ulipothibitisha kwamba amehiji.

Yote haya huthibitishwa kwa simu moja, siku mbili au tatu kabla. Mpigie mgeni mwenyewe au katibu wake, uulize mambo manne: jina analotaka litamkwe ukumbini, cheo na ofisi kama anavyoviandika yeye, namna ya kutamka jina lake, na jambo moja la kazi yake linalogusa mada ya siku. Jibu la swali la tatu liandike kwa silabi. Jina likikwama mdomoni mbele ya watu mia mbili, hakuna sifa itakayolifidia.

Sasa tuchukue mfano. Tuseme kongamano liko Tukuyu, mada ni kulinda vyanzo vya maji, na mgeni ni Mwenyekiti wa Jimbo la Kusini la Kanisa la Moravian. Mtu wa ofisini anakuletea karatasi yenye maneno haya:

"Wapendwa katika Bwana, tumpokee baba yetu wa kiroho, mtumishi wa Mungu aliye hai, mbeba maono, Mwenyekiti wetu wa Jimbo, atulishe Neno."

Mbele ya usharika wake, utambulisho huu ni mzuri kabisa. Ukumbini hapa una matatizo, na kubwa ni kiambishi "-etu". Mshereheshaji anasema kwa niaba ya wote waliokaa pale, na Sheikh aliyekaa mstari wa mbele hana baba wa kiroho huyo. "Mgeni wetu" inafaa, kwa sababu kweli ni mgeni wa wote. "Baba yetu wa kiroho" haifai. "Wapendwa katika Bwana" inaita kundi moja tu. "Ndugu washiriki" inaita kila mtu. "Atulishe Neno" inageuza mazungumzo kuwa mahubiri hata kabla mgeni hajasimama, na naye atafuata mlango uliomfungulia. Sema "atazungumza nasi". "Mtumishi wa Mungu" nalo lina uzito usio sawa: kwa Mlokole ni heshima ya kila siku, kwa Mkatoliki ni pia hatua rasmi ya marehemu anayechunguzwa ili atangazwe mtakatifu, kama ilivyo kwa Mwalimu Nyerere tangu 2005.

Baada ya kupogoa, inabaki hivi:

"Ndugu washiriki, mgeni wetu anayefuata ni Mchungaji (jina kamili), Mwenyekiti wa Jimbo la Kusini la Kanisa la Moravian Tanzania. Amekuja kuzungumza nasi juu ya wajibu wa nyumba za ibada katika kulinda chemchemi zilizo ndani ya maeneo yao. Atazungumza kwa dakika kumi na tano, kisha tutapata nafasi ya maswali. Mheshimiwa Mwenyekiti, karibu."

Haifiki nusu dakika. Ukiongeza jambo moja la kazi yake, usizidi maneno themanini. Na urefu huo uwe sawa kwa wageni wote. Ukimpa Askofu dakika mbili na Sheikh sekunde kumi, watu watahesabu, hata kama kila neno ulilosema lilikuwa la heshima.

Vyeo vinavyobeba dai la imani vinahitaji uangalifu zaidi. Mgeni akiwa ni "Mtume" au "Nabii" katika kanisa lake, ukisema kavukavu "tumkaribishe Mtume", Mwislamu atashtuka, na Wakristo wengi pia. Ukimnyima cheo chake, umemdhalilisha mgeni. Njia ni kusema cheo ni cha wapi: "ambaye katika kanisa lake anahudumu kwa cheo cha Mtume." Hapo hujathibitisha wala hujakanusha. Mweleze mapema kwenye ile simu, asilisikie mara ya kwanza ukumbini.

Kuna sifa nyingine inayoumiza huku imevaa tabasamu: "Sheikh huyu ni mtu wa amani, hana ubaguzi." Aliyesema alikusudia wema, lakini aliyesikia anajiuliza wale wengine wakoje. Iondoe yote. Taja kazi, acha tabia.

Salamu usichanganye ovyo. Ukianza na "Tumsifu Yesu Kristo" ukamalizia na "Asalaam alaykum", utakuwa umewaacha nje Wahindu, Wabahai na Walokole wa "Bwana Yesu asifiwe", na ukiongeza zote utamaliza dakika. "Habari za asubuhi" inatosha. Mgeni atasalimia kwa salamu yake mwenyewe; wa kwao wataitika, na wengine watasikiliza. Usiombe haleluya wala takbiri kwa niaba yake.

Ukikosea cheo, sahihisha hapohapo kwa sentensi moja: "Samahani, ni Mwenyekiti wa Jimbo," kisha endelea. Maelezo marefu ya kujitetea huligeuza kosa kuwa habari. Mgeni akisimama, mpe kipaza sauti kikiwa kimewashwa, usogee pembeni na usimpe mkono kwanza kama ni wa jinsia nyingine. Subiri uone kama atanyoosha wake au ataweka kiganja kifuani, nawe umjibu vivyo hivyo. Akimaliza, mshukuru kwa jina na cheo kilekile ulichomtambulishia, bila kufupisha hotuba yake wala kuitikia "amina" kwenye kipaza sauti.