Safu mbili zinaposema neno moja

Jumamosi iliyopita, katika kikundi cha kujisomea ninachokiongoza, mwenzetu alileta modeli yake ya kukadiria nauli ya bodaboda. Modeli ilidai kwamba kila dakika inayoongezeka njiani inapunguza nauli kwa shilingi 1,000. Alikagua msimbo wa programu yake siku mbili asione kosa, na kweli msimbo haukuwa na kosa. Niliwaambia wanakikundi haya, na nayaweka hapa kwa wote wanaojifunza kutengeneza modeli kutokana na data.

Ndugu zangu, chukueni kalamu. Tuna safari tatu. Ya kwanza ni kilomita 2, dakika 4, nauli shilingi 2,000. Ya pili ni kilomita 3, dakika 6, shilingi 3,000. Ya tatu ni kilomita 5, dakika 10, shilingi 5,000. Modeli inatafuta vizidishio viwili, kimoja cha kilomita na kingine cha dakika, ili jumla yake itoe nauli.

Jaribuni 1,000 kwa kilomita na 0 kwa dakika: nauli zote tatu zinatoka sawasawa. Jaribuni 0 na 500: zinatoka vilevile. Sasa jaribuni 3,000 na −1,000. Safari ya kwanza inatoa 6,000 kutoa 4,000, yaani 2,000. Nayo imepatia! Ndiyo modeli ya mwenzetu.

Sababu ni kwamba safu wima ya dakika ni ile ya kilomita iliyozidishwa kwa 2. Ukiongeza 2 kwenye kizidishio cha kilomita na kupunguza 1 kwenye cha dakika, nauli haisogei hata senti, kwa hiyo majibu yanayofaa hayana idadi. Tukiliita jedwali la kilomita na dakika X, matriksi XᵀX ni 38 na 76 juu, 76 na 152 chini. Determinanti yake ni 38 × 152 − 76 × 76, sawa na sifuri, maana yake haina kinyume. Ukiipa `np.linalg.solve` itakataa na kuandika `Singular matrix`. Lakini `np.linalg.lstsq` haikatai. Itachagua jibu ambalo jumla ya miraba ya vizidishio vyake ni ndogo kuliko yote, 200 na 400, na asiyejua aljebra ataamini kwamba data ndiyo iliyosema hivyo.

Hapo angalau sifuri inaonekana. Hatari kubwa zaidi iko pale safu zinapokaribia kufanana. Tuseme safari ya tatu ilikuta foleni kidogo ikachukua dakika 11. Sasa jibu ni moja tu: nauli ikiwa 5,000, vizidishio ni 1,000 na 0. Abiria akilipa 5,500 vinageuka kuwa 0 na 500, na akipatana kwa 4,500 vinakuwa 2,000 na −500. Shilingi 500 za safari moja zimepindua modeli nzima.

Tena ukiipima kwa safari ya kawaida, kilomita 4 na dakika 8, modeli zote tatu zitakujibu 4,000, nawe utaridhika. Ipeni kilomita 4 na dakika 20, jioni ya mvua. Ya kwanza inasema 4,000, ya pili 10,000, ya tatu −2,000, kana kwamba dereva ndiye anayemlipa abiria.

Kwa hiyo kabla ya kufundisha modeli yoyote, ulizeni hivi:

```
import numpy as np
X = np.array([[2, 4], [3, 6], [5, 11]])
print(np.linalg.matrix_rank(X))
print(np.linalg.cond(X))
```

Ya kwanza inahesabu safu wima zinazojitegemea. Hapa ni 2, kumbe kwenye data ya mwanzo ilikuwa 1. Ya pili inapima jinsi kosa dogo kwenye nauli linavyoweza kukuzwa kwenye vizidishio, nayo inatoa zaidi ya 58. Msitafute mpaka mmoja wa hatari, kwa sababu namba hii hubadilika hata ukigeuza kilomita kuwa mita. Wekeni kwanza safu zote kwenye kipimo kimoja, ndipo mlinganishe.

Wengi wenu mmesikia dawa ya kuongeza namba ndogo kwenye mshazari wa XᵀX, waliyoieleza Hoerl na Kennard mwaka 1970. Inafanya kazi: determinanti inatoka kwenye sifuri na vizidishio vinatulia. Ila haiwezi kujua dakika moja ya foleni ina thamani gani, kwa kuwa habari hiyo haimo kwenye data. Mimi ningetafuta kwanza safari za foleni, na zisipopatikana ningeondoa safu moja na kukiri wazi kwamba modeli haifai kwa saa za msongamano.

Kwa Jumamosi ijayo, kila mtu achukue data yenye zile dakika 11 na kuongeza safari ya nne ya kilomita 3 na dakika 15, kisha akokotoe determinanti mpya ya XᵀX kwa mkono. Kabla ya safari hiyo ilikuwa 13. Mwenye kupata 2,830 amepatia, na atueleze imepandaje hivyo kwa safari moja tu.